Wakisema Duka Lako Limekula Pesa ya Mteja: Uandike Nini Kwenye Kapsheni?

Ijumaa jioni mteja analipa raba za Sh2,400 kwa tili ya duka. Meseji haiingii kwa simu ya duka. Anaambiwa pesa haijafika, analipa tena, ya pili inaingia, anapewa raba zake na kuenda nyumbani. Jumamosi asubuhi anaangalia salio, anaona pesa imetoka mara mbili. Anapigia duka, simu haishikwi. Kufikia saa sita mchana skrinshoti ya zile meseji mbili iko TikTok na Facebook, na juu yake ameandika kwamba hilo duka ni la wezi, wanalipisha watu mara mbili, mtu asinunue huko. Kufikia jioni watu 600 wameishea. Chini yake wengine wanasema ati hata wao waliibiwa hapo, ingawa ukisoma vizuri unaona kuna wanaozungumzia duka lingine kabisa la mtaa mwingine.

Huu ni mfano tumeutunga, lakini ukiwa unapokea malipo kwa simu unajua si hadithi ya mbali. Inaweza kuwa duka la viatu, saluni, kibanda cha chipo au mama anayeuza kuku kwa oda. Saa hizi watu wanasubiri useme kitu, na kitu hicho kitakuwa kapsheni: mistari michache chini ya picha moja kwenye ukurasa wako. Tuifuate hiyo kesi ya raba mpaka mwisho, tuone kapsheni yenyewe inatoka wapi.

Kwanza, fungua taarifa ya tili

Jambo ambalo wenye maduka wengi hawalitilii maanani ni kwamba meseji si pesa. Mteja akilipa, pesa inahama ndani ya mfumo kwanza, kisha meseji inatumwa kwa njia yake. Simu ya duka ikiwa imezimwa, mtandao ukiwa mbovu au nafasi ya meseji ikiwa imejaa, ujumbe unaweza kuchelewa ilhali pesa tayari imeingia. Kwa hivyo swali la "imeingia au haijaingia" halijibiwi na meseji. Linajibiwa na taarifa ya tili, ile orodha ya miamala unayoiona kwenye programu ya biashara au unayoomba kwa kampuni inayokupa huduma.

Kabla hujaandika neno lolote mtandaoni, fungua hiyo taarifa. Tafuta kiasi, tarehe na saa. Mwambie mteja akutumie kwa inboksi nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu inayoanza meseji yake, uilinganishe. Skrinshoti yake peke yake haitoshi, na hata yako haitoshi, kwa sababu picha ya meseji inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu na dakika kumi.

Ukitafuta, utapata moja kati ya mambo matatu. La kwanza, malipo yote mawili yako kwenye tili yako. La pili, moja tu ndilo liko kwako, na lingine lilienda kwa tili nyingine kwa sababu tarakimu moja ilikosewa. Hapo meseji ya mteja mwenyewe itaonyesha jina la biashara ambayo si yako. La tatu, nambari ya muamala aliyokupa haipo popote kwenye taarifa yako, na hapo kuna uwezekano kwamba meseji ni ya kughushi. Kila moja ya hizi tatu inataka kapsheni yake. Mtu anayeandika kabla ya kujua yuko kwenye ipi anabahatisha mbele ya watu 600.

Katika kesi yetu, taarifa inaonyesha Sh2,400 saa kumi na mbili na dakika 14 jioni, na Sh2,400 nyingine saa kumi na mbili na dakika 21, kutoka kwa nambari moja. Zote ziko. Mteja alisema kweli.

Gawa lawama vipande

Lakini je, alisema kweli yote? Soma posti yake tena polepole. Ndani yake kuna madai matatu yaliyofungwa pamoja. Amesema alilipishwa mara mbili. Amesema nyinyi ni wezi. Na pamoja na wale wanaokomenti, imesemwa kwamba hii ndiyo tabia yenu, mnafanya hivi kwa watu wengi.

Dai la kwanza ni la kweli na taarifa ya tili imelithibitisha. La pili ni kuhusu nia, na nia haionekani kwenye taarifa yoyote. Wewe unajua kijana wa dukani hakukusudia, lakini huwezi kulithibitisha kwa maneno. La tatu bado hulijui, na hapa ndipo wengi hukimbilia kusema "haijawahi kutokea". Usiseme hivyo kabla hujaangalia. Pitia taarifa ya siku 30 zilizopita ukitafuta kitu kimoja tu: nambari ile ile, kiasi kile kile, ndani ya dakika chache. Kwa duka la kawaida ni kazi ya saa moja hivi. Tuseme umepata jozi nyingine moja, Sh1,200 mara mbili, wiki mbili zilizopita. Inawezekana huyo alinunua viatu viwili. Inawezekana pia alilipishwa mara mbili na hakugundua. Mpigie umuulize.

Ukishagawa hivyo, kapsheni inakuwa rahisi kuliko ulivyoogopa. Lililo kweli unalikubali wazi, na kiasi unakitaja. Ambalo hulijui unasema umeangalia wapi na umepata nini. Neno "wezi" hulijibu kabisa, tutaona kwa nini.

Pesa irudi kabla ya maneno

Mpangilio hapa una uzito. Kapsheni inayosema "tutamrudishia" na ile inayosema "tumemrudishia" ni vitu viwili tofauti kabisa kwa msomaji. Ya kwanza inafungua mjadala kuhusu lini na kwa nini bado. Ya pili inaufunga. Kwa hivyo kama taarifa imeonyesha pesa ziko kwako, rudisha kwanza, kisha ndipo uandike.

Rudisha kwa nambari ile ile iliyolipa, si nyingine. Posti ikishasambaa, watu wengine watakuandikia wakisema "mimi ndiye yule mteja, tuma kwa hii laini ingine." Wengi wao ni matapeli waliosoma malalamiko kama vile wewe ulivyosoma. Muulize pia mteja kama ameshaomba kampuni ya malipo imrudishie muamala. Kama ameomba, kubalianeni njia moja, la sivyo pesa inaweza kurudi mara mbili na mkaanza ugomvi mwingine. Gharama ya kutuma ni yako, usimkate. Na nambari ya muamala wa kurudisha uiweke vizuri.

Kama haya yote hayawezi kuisha ndani ya saa chache, labda mteja hajibu inboksi au taarifa imechelewa, weka kapsheni fupi ya kusubirisha. Iwe na saa ndani yake: "Tumeona malalamiko kuhusu malipo ya Ijumaa jioni. Tunaangalia taarifa ya tili sasa. Tutaandika tulichopata hapa leo saa kumi jioni." Ikifika saa kumi, andika hata kama bado hujamaliza. Ahadi isiyokuwa na saa watu huisoma kama kukwepa.

Kapsheni yenyewe

Tuanze na ile ambayo mtu mwenye hasira huandika usiku wa Jumamosi. Umewahi kuiona:

"Tumeona uvumi unaoenezwa na washindani wetu kwamba sisi ni wezi na tunalipisha wateja mara mbili. Huo ni uongo mtupu! Wateja wetu wa ukweli wanatujua. Hatua za kisheria zitachukuliwa. Mungu anaona."

Iangalie kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kusikia habari hii. Jambo la kwanza alilosoma kutoka kwa ukurasa wako mwenyewe ni maneno "wezi" na "tunalipisha wateja mara mbili". Wewe ndiye umempelekea uvumi. Jambo la pili ni kwamba umesema uongo, kwa sababu taarifa ya tili inaonyesha mteja alilipa mara mbili, na yeye ana meseji zote mbili. Atazirudisha hewani zikiwa na kapsheni yako pembeni, na sasa hoja si Sh2,400 tena. Tatu, umewatukana wote waliolalamika kwa kusema si wateja wa ukweli. Na ile ya kisheria inamtisha mtu ambaye pesa yake iko kwako.

Sasa hii hapa ni nyingine:

"Ni kweli: mteja wetu alilipa raba mara mbili Ijumaa jioni. Leo saa nane mchana tumemrudishia Sh2,400 zake.

Malipo ya kwanza yaliingia kwa tili yetu, lakini meseji ilichelewa kufika kwa simu ya duka. Tukamwambia alipe tena bila kuangalia taarifa ya tili. Hilo ni kosa letu. Alipopiga simu Jumamosi asubuhi hatukushika, na hilo pia ni letu. Dada, tunakuomba msamaha.

Tumepitia malipo yote ya siku 30 zilizopita. Kuna mteja mwingine mmoja ambaye huenda alilipa mara mbili, tumempigia.

Kuanzia leo, meseji ikichelewa tutaangalia taarifa ya tili mbele yako kabla ya kukuomba chochote.

Kama unadhani ulilipa mara mbili kwetu, piga nambari iliyo juu ya ukurasa huu. Hatutakuomba PIN wala kukutumia linki."

Ona mstari wa kwanza. Instagram hukata kapsheni baada ya kama herufi 125 na kuficha zilizobaki mpaka mtu abonyeze aone zaidi, na Facebook nayo hukata. Wengi hawatabonyeza. Mtu akipiga skrinshoti ya posti yako aipeleke kwa grupu ya WhatsApp, itaenda na mistari hiyo miwili tu. Kwa hiyo mstari wa kwanza lazima uweze kusimama peke yake: nini kilitokea, pesa iko wapi sasa. Ukianza na "Wapendwa wateja wetu, sisi kama duka tunathamini uaminifu wenu", umetumia herufi zako zote na hujasema kitu.

Ona pia kwamba neno "wezi" halimo. Wala hakuna sentensi inayosema "sisi si wezi". Mtu akisikia "fulani si mwizi", kinachobaki kichwani ni fulani na mwizi. Lawama ya nia hujibiwa na mambo yanayoonekana: pesa imerudi, tumepitia siku 30, hivi ndivyo tutafanya. Msomaji mwenyewe ataamua kama mwizi hufanya hivyo.

Kuna sentensi moja hapo ambayo mwenye duka atataka kuifuta, ile ya mteja mwingine mmoja. Atauliza, kwa nini nijichongee? Mimi ningeiacha. Ikitokea huyo mtu wa Sh1,200 ajitokeze kwenye komenti kesho, na wewe umesema hii ndiyo mara ya kwanza, kapsheni nzima imeanguka. Ukiwa umemtaja wewe kwanza, akijitokeza anathibitisha ulichosema.

Picha nayo iwe ya kawaida. Mbele ya duka inatosha. Usiweke ile skrinshoti ya mteja ukiipiga muhuri mwekundu wa UONGO, kwa sababu skrinshoti ndiyo inayosomeka na muhuri ni mapambo tu.

Sauti hufuata aliyepoteza

Watu huuliza sana kuhusu sauti: niwe mkali, niwe mpole, nitie utani? Jibu letu ni kwamba angalia nani amepoteza. Kama mteja ndiye ametoka na hasara, utani haufai, hata kama ukurasa wako huwa wa vichekesho siku zote.

Wakenya wanakumbuka kisa cha KFC cha Januari 2022. Chipo ziliisha kwenye mikahawa yao hapa nchini, na ujumbe wao kwa wateja ulitiwa utani kidogo, ya kwamba watu walizipenda chipo kupita kiasi mpaka zikaisha, samahani. Kwa tatizo la kuishiwa na chakula, sauti hiyo si mbaya sana. Shida ni kwamba swali la watu lilibadilika haraka. Ikajulikana kwamba viazi vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na meli zimechelewa, na kwamba viazi vya hapa havikuwa vimepita utaratibu wao wa kukagua ubora. Sasa haikuwa tena habari ya mtu kukosa chipo na kuku wake. Ilikuwa habari ya mkulima wa Nyandarua mwenye magunia ya viazi. Hashitegi ya #BoycottKFC ikavuma, na baadaye kampuni ikasema itaanza kuangalia kununua viazi vya hapa.

Kwa mwenye duka dogo, funzo hapo ni dogo na la kutumika. Kapsheni ilijibu swali la asubuhi, na kufikia mchana watu walikuwa wanauliza lingine, zito zaidi, lenye mtu anayeumia ndani yake. Kabla ya kuposti, soma komenti 50 za mwisho, si posti ya kwanza peke yake. Katika kesi yetu ya raba, unaweza kukuta kwamba watu hawashangai tena habari ya malipo mara mbili. Wanauliza kwa nini simu haikushikwa. Ndiyo maana ile kapsheni inataja simu.

Kile usichoruhusiwa kuweka hewani

Ukiwa na ushahidi mkononi, kishawishi cha kuuanika wote ni kikubwa. Jina kamili la mteja, nambari yake, saa alizolipa, pengine hata video ya kamera ya dukani akiwa kaunta. Usifanye hivyo. Alikupa jina na nambari ili akulipe, si ili umtangaze, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda hata kama amekuchafulia jina. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliipiga Casa Vera, mkahawa wa Barabara ya Ngong, Nairobi, faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila idhini yake. Yule hata hakuwa na ugomvi na mtu. Sasa fikiria wewe ambaye umeiweka ukiwa na hasira.

Kufuta nambari kwa kalamu ya simu pia hakusaidii kila wakati. Kalamu nyingine ni nyepesi, na mtu akiongeza mwangaza wa picha, tarakimu zinaonekana chini yake. Kwa maoni yetu ni heri usiweke picha ya muamala kabisa. Andika kiasi, siku na saa kwa maneno. Yule mteja atajua ni yeye, na wengine hawahitaji zaidi. Nambari ya muamala pia ibaki kati yenu wawili, kwa sababu tapeli akiipata atampigia mteja na kumsomea, na mtu akisikia nambari yake halisi huamini anaongea na duka au na sisi.

Hilo linatupeleka kwa jambo ambalo sisi kama kampuni ya malipo linatusumbua zaidi ya kapsheni mbaya. Posti ya malalamiko ikisambaa, kurasa bandia huamka. Zinachukua jina la duka lako, zinaongeza nukta moja au herufi moja, zinaweka picha yako, na zinaanza kuwajibu waliolalamika: "Pole sana mpendwa, tuandikie inboksi tukurudishie." Ndani ya inboksi wanaomba PIN, au wanatuma linki ya kujaza fomu ya kurudishiwa pesa. Mtu aliyepoteza Sh2,400 sasa anapoteza akiba yake yote.

Ndiyo sababu ile sentensi ya mwisho ya kapsheni, ya kutoomba PIN na kutotuma linki, si mapambo. Ndiyo sababu pia haikusema "njoo inboksi" ikaishia hapo, bali ilimpeleka mtu kwa nambari iliyo juu ya ukurasa. Na kama wewe ndiye mteja unayelalamika, angalia ukurasa uliokujibu: ulifunguliwa lini, una posti ngapi za zamani, jina lake limeandikwa vipi. Hakuna kurudishiwa pesa kunakohitaji PIN yako. Pesa ikirudi, inaingia tu.

Ikiwa lawama si ya kweli

Turudi kwenye yale matokeo mengine mawili. Tuseme umepekua taarifa na malipo ya pili hayako kwako. Hapa hasira inakuwa na haki, na ndiyo maana kapsheni inahitaji kuwa fupi na baridi zaidi:

"Tumeangalia taarifa ya tili yetu ya Ijumaa. Malipo moja ya Sh2,400 yaliingia, la pili halikuingia kwetu. Tumemwandikia mteja tuangalie pamoja nambari ya muamala wa pili."

Imeishia hapo. Haimwiti muongo, na usimwite, kwa sababu mara nyingi si muongo. Alikosea tarakimu moja, pesa ikaenda kwa tili ya duka la vipuri ambalo hajui liko wapi, na kwake yeye alikuwa amesimama mbele ya kaunta yako. Pesa imepotea kweli, ila haikupotelea kwako. Mwonyeshe jina la biashara lililo kwenye meseji yake na umwambie apigie huduma kwa wateja ya kampuni yake ya malipo mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa upande ule mwingine, kuirudisha ni vigumu zaidi. Ukimsaidia hivyo, kuna uwezekano mkubwa atarekebisha posti yake mwenyewe, na masahihisho kutoka kwake yana nguvu kuliko kapsheni kumi zako.

Kama ni meseji ya kughushi, bado sema ulichopata tu: nambari hiyo ya muamala haiko kwenye taarifa yetu, na tumeipeleka kwa kampuni ya malipo. Usitamke kwamba fulani ni tapeli. Ukitamka na ikawa ulikosea, wewe ndiye utakuwa umemharibia mtu jina.

Baada ya kuposti

Weka kapsheni pale uvumi ulipo. Ikiwa moto uko TikTok, kujibu kwa WhatsApp Status hakusaidii sana, na Status yenyewe inaondoka baada ya saa 24. Chini ya posti ya mteja weka komenti moja tu, fupi, yenye ule mstari wa kwanza. Kwa ukurasa wako, bandika juu komenti inayojibu swali linaloulizwa zaidi, na uwajibu wengine kwa kuwaelekeza hapo. Ukianza kujibu kila mtu kivyake saa tano usiku, kufikia komenti ya ishirini sauti yako itakuwa imebadilika, na hiyo ndiyo itakayopigwa skrinshoti.

Na kama malalamiko yana watu watatu na komenti mbili? Hapo usiandike kapsheni. Mjibu chini ya posti yake, mrudishie pesa, basi. Kutangaza kwa wafuasi wako 4,000 jambo lililoonwa na watu watatu ni kulisambaza mwenyewe.

Yule mteja wa Sh1,200 akishajibu simu, ongeza mstari chini ya kapsheni ile ile ukionyesha siku na saa: "Jumatatu saa tatu asubuhi: mteja wa pili alikuwa amenunua viatu viwili, hakuna pesa ya kurudisha." Maneno ya awali usiyaguse. Facebook huonyesha historia ya mabadiliko kwa anayetaka kuiona, na mtu akikuta sentensi ya msamaha imefutwa kimyakimya, atajiuliza ni nini kingine kimefutwa.